Joho la mahafali kwenye picha ya studio

Swali: Mdogo wangu alikuwa amelazwa siku ya mahafali. Nimembandikia joho na kofia kwenye picha yake ya studio kwa Photoshop, lakini kichwa kinaonekana kama kimechomekwa. Nakosea wapi?

Jibu: Aghalabu kosa ni mwanga. Tazama kivuli cha pua yake: kikiangukia shavu la kulia, mwanga ulitoka kushoto kwake. Usigeuze picha ya joho ili vilingane, maana maandishi na nembo vitasomeka kinyume. Afadhali uazime joho la chuo chake, umvalishe mtu mwenye mabega kama yake, kisha umpige picha kwa mwanga wa upande huohuo, kamera ikiwa kwenye kimo kilekile.

Kola ya shati lake iache. Joho lifute taratibu kwa Layer Mask lipite nyuma ya kola, usiunganishe chochote kwenye ngozi.

Kofia ndiyo hufichua ujanja. Ishushe hadi kwenye paji la uso, na nywele zilizotuna zibonyeze kwa Liquify. Chini ya ukingo wake paka kivuli kwenye leya ya Multiply, kwa rangi iliyochotwa kwenye ngozi yake mwenyewe. Kivuli cheusi tii huonekana kama masizi.