Vidole vyako havisomi kwenye mashine? Anza na hili kabla ya kurudi kwa wakala

Leo nje kidogo ya viuatilifu, lakini hili linagusa hela ya shamba.

Msimu uliopita kijana mmoja wa Bungu, mwenye ekari zake za korosho, alipoteza simu wiki ya mnada. Laini ile ndiyo iliyounganishwa na akaunti yake ya benki, ikapokea na ujumbe wa malipo. Akaenda kuirudisha. Namba yake ya NIDA, tarakimu zote 20, ikakubali. Kidole sasa: kulia, kushoto, mashine ikakataa kabisa. Mtu wa pembeni akamwambia, "Weka laini kwa jina la rafiki yako, mambo yaishe." Bahati nzuri alinipigia kwanza.

Nilimuuliza swali moja tu: wiki hii ulikuwa unafanya kazi gani? Akasema, "Nabangua korosho, bwana shamba, kwa mikono mitupu." Hapo ndipo tatizo lilipo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Ncha za vidole zinaungua, zinakuwa nyeusi, kisha zinabanduka. Mashine inatafuta vile vijimistari vya kidoleni, na vyake vilikuwa vimefutika kwa juu. Wanaopalilia mpunga huko delta, wanaokata nguzo na wanaoshika saruji wanapata shida hiyohiyo, kwa kusuguliwa tu.

Habari njema ni kwamba vijimistari hivyo vina mzizi chini, kwenye ngozi ya ndani. Ngozi ya juu hujijenga upya kwa kama mwezi mmoja, na vinarudi vilevile. Havirudi pale jeraha lilipofika ndani na kuacha kovu.

Kwa hiyo nilimwambia aache kubangua kwa wiki mbili, au avae glovu. Kila usiku aloweke vidole kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, ajifute, apake mafuta ya nazi. Asijaribu kusugua kwa jiwe wala msasa, maana anamalizia kilichobaki. Siku ya kwenda, anawe kwa sabuni na kujifuta vizuri, kwa sababu mafuta yanaacha ukungu kwenye kioo cha mashine. Kidole kikiwa kikavu sana nacho hakisomi. Kipumulie kidogo kipate unyevu. Omba kioo kifutwe. Weka kidole kikiwa kimelala chote, siyo ncha tu, na usikandamize kwa nguvu, maana mistari inabanana inakuwa doa moja.

Alirudi baada ya wiki mbili. Dole gumba likakataa, shahada ikakataa. Nilikuwa nimemwambia aombe vidole vingine, hasa vya mkono asioutumia sana. Kidole cha pete cha kushoto kikapita.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi wanachanganya. Mashine ikikataa, muulize wakala: imeshindwa kusoma, au imesoma lakini haifanani? Ikishindwa kusoma, tatizo ni kidole cha leo, tumia njia niliyoeleza. Ikisoma vizuri na vidole vyote vinaonekana safi, lakini jibu ni kwamba havifanani, huenda alama zilizochukuliwa siku ulipojiandikisha NIDA ndizo mbovu. Hapo utapaka mafuta hadi mwakani bila kusaidika. Kwanza hakiki kama namba iliyoingizwa ni yako, kisha nenda ofisi ya NIDA ya wilaya, eleza hivyo, uombe alama zichukuliwe upya. Kama vidole vina makovu ya kudumu, sema tangu mwanzo na uulize utaratibu wa mtu wa hali hiyo.

Ndiyo maana kama hujajiandikisha bado, usiende NIDA katikati ya msimu wa kubangua. Alama utakazoacha siku hiyo ndizo utakazolinganishwa nazo kila unapoenda. Na wewe unayetoka visiwani kwa boti hadi Nyamisati ndipo upande gari kuja Kibiti, andaa vidole kabla. Siku nzima na nauli vinapotea kwa kidole kimoja.

Kuhusu laini kwa jina la rafiki: tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, laini ni ya mwenye kidole. Ikipotea, ni yeye tu wa kuirudisha. Mkigombana, au akifariki, salio lililomo linakuwa mgogoro. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Kama ya kwako haipo humo, anza kuirekebisha sasa, kabla mnada haujafunguliwa.

Mwenye swali aliache hapo chini, au tuonane ofisini.