Somo la hesabu: Mashine yetu inaanza kuleta faida kwa kilo ngapi?



Katika bonde la Ruzizi, koperative nyingi ziko na mashine ya kusaga mahindi na mihogo. Swali la somo hili ni la mashine kama hiyo. Hesabu ni ya mfano, lakini inafanywa namna ile ile hata kwa mashine yenu.

Mwekahazina amepiga picha ukurasa wa kitabu chake na kuituma kwa telefone. Tunasoma hivi:

Hesabu ya mwezi wa 10 (franka)
Kilo zilizosagwa: 6,000
Bei ya kusaga kilo moja: 150
Feza zilizoingia: 900,000
Mazutu: 360,000
Mafuta ya mota, nyundo na chujio: 60,000
Mshahara wa msagaji: 180,000
Kodi ya nyumba: ?0,000
Mlinzi: 50,000
Akiba ya kununua mashine nyingine: 130,000
Jumla ya matumizi: 840,000

Swali. Kwa mwezi, mashine inapashwa kusaga kilo ngapi ili isipate faida wala hasara? Chagueni jibu lililo karibu zaidi.
A. 2,800
B. 3,600
C. 5,200
D. 5,600

Mufunike kwanza majibu hayo manne kwa mkono. Mtu anayeyaangalia mbele ya kuhesabu anachagua lile linalomupendeza, kisha anatafuta hesabu ya kulitetea.

Kwanza, kusoma picha. Kwenye kodi ya nyumba, namba ya mbele haionekani vizuri: ni 60,000 ao 80,000? Musikisie. Mujumlishe matumizi mengine yote: ni 780,000. Jumla iliyoandikwa ni 840,000, basi kodi ni 60,000. Muangalie tena kichwa cha ukurasa: ni hesabu ya mwezi mmoja ao ya miezi mitatu? Ni franka ao dola?

Pili, kugawa matumizi mafungu mawili. Mazutu, mafuta, nyundo na chujio vinaongezeka kadiri tunavyosaga. Jumla yake ni 420,000. Tukigawanya kwa kilo 6,000, kila kilo inakula franka 70. Mshahara, kodi, mlinzi na akiba vinalipwa hata kama mashine imelala. Jumla yake vilevile ni 420,000. (Kama kwenu msagaji analipwa kwa kilo, mumuweke katika fungu la kwanza.)

Tatu, kuhesabu. Mteja analipa 150 kwa kilo. Tukitoa 70, inabakia 80. Hizo 80 ndizo zinalipa fungu la pili:

420,000 ÷ 80 = kilo 5,250

Sasa mutoe mkono. Jibu la karibu zaidi ni C, kwa sababu kati yake na hesabu yetu kuna kilo 50 tu.

Yale majibu mengine hayakuwekwa ovyo. Anayegawanya 420,000 kwa 150 amesahau mazutu, anaangukia A. Anayeacha akiba ya mashine, akisema "hiyo feza haijatoka", anapata 3,625 na kuchagua B. Mashine yake itakapokufa, hatakuwa na ya kununua nyingine. Anayegawanya matumizi yote, 840,000, kwa 150 anapata D, kama vile mazutu ingelipwa hata bila kusaga. Na kama hesabu yenu imeangukia katikati ya majibu mawili, musilazimishe. Murudie picha, pengine kuna mstari mulioruka.

Lakini "karibu zaidi" ni kanuni ya kujibu swali. Kwenye mashine yenyewe, kilo 5,200 hazitoshi: bado kuna hasara ya franka 4,000. Wakati wa kupanga kazi ya mwezi, tusishuke chini ya 5,250.

Hesabu hii inatusaidia nini? Tuseme mashine ya jirani inasaga kwa 130, na wanachama wanaomba katika mkutano tushuke nasi. Mbele ya kuinua mikono, tuhesabu: 130 kutoa 70 ni 60.

420,000 ÷ 60 = kilo 7,000

Leo tunasaga 6,000 na tunapata faida ya franka 60,000. Tukishusha bei na kilo zikibakia zile zile, faida hiyo inageuka hasara ya franka 60,000 kila mwezi. Basi swali la kuuliza mkutano ni hili: hizo kilo 1,000 zaidi zitatoka wapi, na ni nani atazileta? Kama mazutu nayo imepanda, ile 70 si 70 tena, na hesabu yote inaanza upya.

Zoezi. Bei imebakia 150, lakini mazutu imepanda na sasa kila kilo inakula franka 80 badala ya 70. Mufunike majibu, muhesabu, kisha muchague lililo karibu: A. 5,300; B. 6,000; C. 6,500.

(Jibu: 420,000 ÷ 70 = 6,000, ni B. Kwa kilo tunazosaga leo, faida yote imekwisha.)