MADA YA 9: Masharti ya rigresheni ya mstari na grafu ya mabaki

Katika mada iliyopita ulijifunza kutafuta mlinganyo wa mstari ulio bora kwa njia ya miraba midogo kabisa. Njia hiyo hutoa mstari kila mara, hata pale ambapo mstari haufai. Katika mada hii utajifunza jinsi ya kuutilia shaka mstari uliokwisha kuupata.

9.1 Mabaki na masharti

Baki ni tofauti kati ya thamani iliyopimwa na thamani inayotolewa na mstari:

baki = y iliyopimwa − y ya mstari

Nukta iliyo juu ya mstari ina baki chanya, na iliyo chini ina baki hasi. Jumla ya mabaki yote ni 0 kila mara, kwa hiyo jumla hiyo haikuambii kama mstari unafaa. Kinachokuambia ni mpangilio wa mabaki. Chora grafu yenye x kwenye mhimili wa mlalo na mabaki kwenye mhimili wa wima, kisha uitazame.

Rigresheni ya kawaida ina masharti manne:

1. Uhusiano wa x na y ni wa mstari ulionyooka.
2. Mabaki hutawanyika kwa upana ulio sawa katika thamani zote za x.
3. Baki moja halitegemei baki jingine.
4. Mabaki mengi yako karibu na 0, na machache yako mbali, pande zote mbili sawasawa.

Masharti yakitimia, grafu ya mabaki huwa kama punje za mchanga zilizomwagwa ovyo juu na chini ya mstari wa 0. Ukiona umbo lolote, kuna sharti lililovunjwa.

9.2 Mfano: changu wa Bagamoyo

Wanafunzi walikwenda soko la samaki la Bagamoyo wakiwa na rula na mizani. Walipima urefu (L) kwa sentimita na uzito (W) kwa gramu wa changu watano. Takwimu hizi zimetungwa kwa ajili ya mfano.

| L (sm) | 15 | 20 | 25 | 30 | 35 |
|---|---|---|---|---|---|
| W (g) | 65 | 165 | 310 | 535 | 870 |

*Hatua ya 1.* Wastani wa L ni 25, na wastani wa W ni 389. Jumla ya miraba ya tofauti za L ni 250. Jumla ya mazao ya tofauti za L na tofauti za W ni 9,900. Kwa hiyo mteremko ni 9,900 ÷ 250 = 39.6, na mstari ni:

W = 39.6L − 601

Kipimo cha uhusiano ni r = 0.97. Wanafunzi wengi huishia hapa na kuandika: "Uhusiano ni wa mstari, tena wenye nguvu sana." Jibu hilo si sahihi.

*Hatua ya 2.* Tafuta mabaki.

| L | W ya mstari | Baki |
|---|---|---|
| 15 | −7 | +72 |
| 20 | 191 | −26 |
| 25 | 389 | −79 |
| 30 | 587 | −52 |
| 35 | 785 | +85 |

Tazama alama: chanya mwanzoni, hasi tatu katikati, chanya mwishoni. Ukizichora utaona umbo la bakuli. Sharti la kwanza limevunjwa. Tena, mstari unasema changu wa sentimita 15 ana uzito wa gramu −7, jambo lisilowezekana.

*Hatua ya 3.* Tafuta sababu. Nukta tano ni chache, na umbo linaweza kutokea kwa bahati tu. Ndiyo maana tunauliza kama kuna sababu ya kuwapo kwa bakuli hilo, nayo ipo. Samaki anapokua, huongezeka urefu, kimo na unene kwa pamoja. Uzito hufuata ujazo, na ujazo hukua kama urefu uliopandishwa kipeo cha tatu. Kwa hiyo tunategemea W = kLⁿ, ambapo n iko karibu na 3.

*Hatua ya 4.* Chukua logi za pande zote mbili: log W = log k + n log L. Huu ni mlinganyo wa mstari.

| log L | 1.176 | 1.301 | 1.398 | 1.477 | 1.544 |
|---|---|---|---|---|---|
| log W | 1.813 | 2.217 | 2.491 | 2.728 | 2.940 |

Ukirudia hesabu ya Hatua ya 1 unapata:

log W = 3.035 log L − 1.748

Mabaki mapya ni −0.008, +0.017, −0.004, −0.007 na +0.002. Alama zimechanganyika na bakuli limetoweka. Mteremko nao ni karibu 3, kama tulivyotegemea.

*Tofauti hiyo ina uzito gani?* Kadiria changu wa sentimita 40, aliye nje kidogo ya vipimo vyetu. Mstari wa kwanza unatoa gramu 983, na mlinganyo wa logi unatoa takriban gramu 1,300. Mchuuzi anayekadiria uzito kwa mstari wa kwanza angepunjwa karibu theluthi moja ya kilo kwa kila samaki.

9.3 Maumbo mengine mawili

*Faneli.* Changu wawili wenye urefu sawa hawalingani uzito: mmoja ana mayai, mwingine tumbo tupu. Tofauti ya asilimia 5 ni gramu 3 tu kwa samaki wa gramu 65, lakini ni gramu 44 kwa samaki wa gramu 870. Ukipima samaki wengi, mabaki yatakuwa membamba kushoto na mapana kulia. Hapo sharti la pili limevunjwa. Mstari wenyewe unaweza kuwa sahihi kwa wastani, lakini ukisema "kosa ni gramu 20" kwa samaki wote, utakuwa umekosea kwa wadogo na kwa wakubwa pia. Logi husaidia hapa, kwa kuwa hugeuza asilimia zilizo sawa kuwa umbali ulio sawa.

*Mfululizo.* Samaki akikaa juani hupoteza maji na kupungua uzito. Ukipima kuanzia asubuhi hadi mchana, mabaki ya mwanzo yatakuwa chanya na ya mwisho hasi. Sharti la tatu limevunjwa. Ukipanga mabaki kwa urefu hutaliona; yapange kwa zamu ya kupima. Hivyo andika daima namba ya zamu kwenye daftari lako.

9.4 Zoezi

Kina cha maji kilipimwa ufukweni kila saa, kuanzia maji kupwa hadi maji kujaa (saa 0 hadi 6). Mstari ulipochorwa, mabaki kwa sentimita yalikuwa: +12, −12, −13, 0, +13, +12, −12.

(a) Eleza umbo la mabaki.
(b) Ni sharti gani limevunjwa, na kwa nini?
(c) Je, logi zitasaidia?

Majibu

(a) Mabaki yanashuka, yanapanda, kisha yanashuka tena, kama wimbi. (b) Sharti la kwanza. Maji huanza kujaa polepole, hukimbia katikati, kisha hupunguza mwendo yanapokaribia kujaa kabisa. Mstari una mwendo mmoja tu. (c) Hapana. Logi hunyoosha mkunjo wa upande mmoja, lakini hapa mkunjo unageuka njiani. Unahitajika mlinganyo wa wimbi, kama wa kosaini.

Angalizo la mtihani: usiandike "mstari unafaa" kwa kutazama r peke yake. Onyesha mabaki, taja umbo lake, kisha taja sharti.