Unaajiri wa Kaunta? Mwambie Kazi Ilivyo Kabla Hajaja

Una duka la wakala pale Buxton na unatafuta mtu wa kaunta. Ukitangaza "kazi nzuri, mshahara mnono", utapigiwa simu na wengi, kisha atakayeanza ataondoka wiki ya pili. Tunakushauri umtumie kila mwombaji ujumbe huu kwanza. Weka viwango vyako:

"Habari. Kazi ni kuweka na kutoa pesa, kukagua vitambulisho na kuandika daftari. Utakaa kaunta saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, mapumziko saa moja, siku 6 kwa wiki. Mwisho wa mwezi foleni ni ndefu na wateja wengine ni wakali. Mshahara Sh. 18,000. Jioni tunahesabu keshi na floti pamoja. Baada ya miezi 6 utafundishwa kusimamia floti, mshahara Sh. 20,000. Duka ni moja, cheo kingine hakuna. Hatutozi ada. Ukiridhika, jibu NDIYO."

Majibu yatapungua, na hiyo ndiyo faida: asiyeweza saa hizo amejiondoa mwenyewe, bila nauli wala usaili.

Jambo linalofichwa sana ni pesa zikipungua. Mweleze mapema. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kumkata mfanyakazi aliyekabidhiwa pesa kwa mkataba, upungufu ukitokana na uzembe au udanganyifu wake. Hairuhusu kumkata kwa kila hasara ya duka.

Nawe unayetafuta kazi, ukiombwa "ada ya fomu" kwa simu, usitume.