Kosa Langu Katika Mraba wa Punnett

Katika mtihani wa majaribio wa muhula uliopita swali la urithi lilikuwa na alama kumi, nami nilipata mbili. Mraba niliouchora ulikuwa mzuri, mistari yake imenyooka, na kila chumba nilikijaza. Hata hivyo Mwalimu aliupiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe na kuandika chini yake maneno mawili tu: "Tazama gameti." Nilikaa na karatasi ile siku mbili kabla sijaelewa alichotaka nikione. Sasa nimeelewa, na kwa kuwa najua kuwa wenzangu wengi walianguka pale pale nilipoanguka mimi, naomba nafasi katika gazeti letu nieleze jambo hili tangu mwanzo.

Tuanze na njegere, maana ndizo alizozitumia Gregor Mendel. Bwana huyu alikuwa mtawa katika mji wa Brno, ambao leo umo katika nchi ya Cheki. Alifanya majaribio yake katika bustani ya monasteri tangu mwaka 1856 hadi 1863, akayachapisha mwaka 1866. Alichukua mmea wa njegere ambao siku zote huzaa mbegu za duara, akauchanganya na mmea ambao siku zote huzaa mbegu zenye mikunjo. Mbegu zote za kizazi cha kwanza zilikuwa za duara. Mikunjo ilikuwa kana kwamba imepotea. Lakini alipozipanda mbegu hizo chotara na kuiacha mimea ijichavushe yenyewe, mikunjo ilirudi. Alihesabu mbegu 7324: za duara zilikuwa 5474, na zenye mikunjo 1850. Ukigawanya, utaona kuwa kwa kila mbegu moja ya mikunjo zilikuwapo karibu tatu za duara.

Sababu yake ni hii. Kila mmea una jeni mbili za umbo la mbegu, moja kutoka kwa mzazi wa kiume na moja kutoka kwa mzazi wa kike. Jeni ya duara tuiandike D, na jeni ya mikunjo tuiandike d. D hutawala, d hujificha ikiwa pamoja na D. Kwa hiyo mbegu ya DD ni ya duara, na ya Dd pia ni ya duara, bali ya dd peke yake ndiyo yenye mikunjo. Herufi zile huitwa jenotaipu, na umbo tunaloliona kwa macho huitwa fenotaipu. Angalieni kuwa tumetumia herufi moja kwa jozi moja, kubwa na ndogo. Mwanafunzi anayeandika D kwa duara na M kwa mikunjo atachanganyikiwa mbele ya safari, kwa kuwa atadhani ni sifa mbili tofauti.

Mmea unapotengeneza gameti, yaani chembe za uzazi zilizomo katika chavua na katika ovari, jozi hutengana. Kila gameti hupata jeni moja tu ya jozi ile. Mmea wa Dd basi una gameti za aina mbili, D na d, na idadi zake ni sawa. Hapo ndipo mraba wa Bwana Reginald Punnett wa Cambridge unapotufaa. Gameti za baba huandikwa juu, za mama kando, na kila chumba hupokea moja kutoka juu na moja kutoka kando:

| | D | d |
|---|---|---|
| D | DD | Dd |
| d | Dd | dd |

Jenotaipu ni DD 1, Dd 2, dd 1. Fenotaipu ni duara 3, mikunjo 1. Mtahini akiuliza uwiano wa fenotaipu, usimpe 1:2:1. Na akiuliza jenotaipu, usimpe 3:1. Alama nyingi hupotea hapo kwa sababu ya kutosoma swali tu.

Hadi hapa sikuwa na taabu. Taabu yangu ilianza pale swali lilipoleta sifa mbili kwa pamoja. Pamoja na umbo, mbegu za njegere zina rangi: njano, tuiandike N, hutawala kijani, ambayo ni n. Swali lilisema: mimea miwili ya DdNn imechanganywa, tafuta uwiano wa fenotaipu katika watoto. Mimi niliona herufi nne, nikaziandika nne zile juu ya mraba: D, d, N, n. Kando nikafanya vile vile. Nikajaza vyumba 16, na ndani yake mkawa na vitu kama Dd, DN, dn na NN.

Sasa fikirini: mbegu ya Dd ni ya duara, lakini ni ya rangi gani? Haina jeni ya rangi hata moja. Na mbegu ya NN ni ya njano, lakini umbo lake ni lipi? Nilikuwa nimeumba mbegu zisizo na rangi na mbegu zisizo na umbo! Hilo ndilo Mwalimu alilotaka nilione. Gameti haichukui herufi moja kati ya zote. Huchukua herufi moja kutoka katika kila jozi. Gameti ya DdNn ni lazima ibebe jeni moja ya umbo pamoja na jeni moja ya rangi.

Njia salama ya kuzipata ni hii. Chukua D, uipe kwanza N, kisha n: unapata DN na Dn. Halafu chukua d, uipe N, kisha n: unapata dN na dn. Basi, aina nne, na zote zina nafasi sawa. Mraba wake ni huu:

| | DN | Dn | dN | dn |
|---|---|---|---|---|
| DN | DDNN | DDNn | DdNN | DdNn |
| Dn | DDNn | DDnn | DdNn | Ddnn |
| dN | DdNN | DdNn | ddNN | ddNn |
| dn | DdNn | Ddnn | ddNn | ddnn |

Kabla ya kuhesabu, kagua. Kila chumba ni lazima kiwe na herufi nne, mbili za umbo na mbili za rangi. Ukikuta chumba chenye herufi mbili tu, au chenye D tatu, rudi kwenye gameti. Kosa liko huko, haliko chumbani.

Halafu hesabu. Vyumba vyenye angalau D moja na N moja ni 9: duara na njano. Vyenye D lakini nn ni 3: duara na kijani. Vyenye dd pamoja na N ni 3: mikunjo na njano. Kimoja tu ni ddnn: mikunjo na kijani. Uwiano ni 9:3:3:1. Mnaweza kuuhakikisha bila mraba: robo tatu za watoto ni duara, na robo tatu za hao ni njano, 3/4 mara 3/4 ni 9/16.

Hesabu hiyo ya kuzidisha ni sahihi kwa sharti moja, kwamba jozi mbili zigawanyike kila moja kivyake. Kwa njegere hizi ni kweli, kwa maana jeni ya umbo na jeni ya rangi zimo katika kromosomu mbili tofauti. Jeni zilizokaa karibu katika kromosomu moja husafiri pamoja, na watoto wake hawatafuata 9:3:3:1. Msiulaumu mraba hapo. Sharti lake halikutimia.

Mendel naye alilifanya jaribio hili. Alipata mbegu 556: duara njano 315, mikunjo njano 101, duara kijani 108, mikunjo kijani 32. Tukigawanya 556 kwa 16 tunapata 34.75, kwa hiyo tulitazamia 312.75, 104.25, 104.25 na 34.75. Tazameni jinsi alivyokaribia, lakini hakulenga sawasawa. Wala asingeweza, kwani hakuna robo tatu ya mbegu. Mraba hutuambia tunachotazamia, hautuahidi tutakachopata.

Nilipomsomea baba jambo hili wakati wa likizo, aliniuliza swali ambalo halikuwa katika mtihani. Alisema, "Mwanangu, wale jirani zetu wamezaa watoto watatu weusi, na wa nne ni albino. Je, ndiyo ile robo yako?" Nilimjibu kuwa ualbino hurithiwa kama mikunjo ya njegere. Mtoto huwa albino akipokea jeni ijifichayo kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Jeni moja haitoshi. Kwa hiyo wazazi wote wawili ni Aa, ingawa hawaonyeshi dalili yoyote, na wanaosema kosa ni la mama peke yake wanasema uongo.

Lakini nilimwambia pia kuwa robo ile si zamu. Kila mtoto anayezaliwa ana nafasi moja kati ya nne, awe wa kwanza au wa nne. Hahesabu ndugu waliomtangulia. Katika familia za namna hii zenye watoto wanne, nafasi ya kutokuwapo albino hata mmoja ni 3/4 mara 3/4 mara 3/4 mara 3/4, yaani 81/256, karibu theluthi moja. Wengine watapata wawili, au zaidi. Mendel alikaribia 3:1 kwa sababu alihesabu mbegu maelfu. Mbegu nne tu za ganda moja zingeweza kumdanganya.

Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi yule mama wanamwonea." Siku ya pili alikwenda kwa jirani, nami sikuitwa.

Namaliza kwa swali la kujipima. Mmea wa Ddnn umechanganywa na mmea wa ddNn. Tafuta uwiano wa fenotaipu. Usikimbilie vyumba 16. Anza na gameti. Wa kwanza ana aina mbili tu, Dn na dn, na wa pili ana mbili, dN na dn. Vyumba vinne vinatosha: DdNn, Ddnn, ddNn, ddnn, yaani 1:1:1:1. Kama umepata jibu jingine, fanya kama nilivyoambiwa mimi: tazama gameti.