Kapsuli tatu za dukani hazitibu nimonia

Mhudumu wa afya ya jamii alipoalikwa kuzungumza na kikundi cha akina mama baada ya mkutano wao wa chama, aliweka mezani kapsuli tatu za amoksilini, zile ambazo wengi huziita "rangi mbili". Akauliza, "Hizi zimeisha muda lini?" Hakuna aliyeweza kujibu. Zilikuwa zimetolewa mkebeni na kufungwa kwenye kipande cha gazeti.

Akaeleza zilikotoka. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa miezi 14 aliyekohoa. Alinunua kapsuli tatu za miligramu 250 katika duka la kando ya barabara, akafungua moja moja na kugawa unga nusu kwa nusu. Mtoto alipewa mara tatu kwa siku, siku mbili. Homa ilishuka kidogo, mama akatulia. Siku ya nne mtoto alikataa kunyonya, na ndipo mhudumu alipoitwa. Siku hiyo alikuja na kapsuli nyingine tatu, ambazo mama alikuwa amenunua tena na hakuwa amezitumia.

"Kwanza nilihesabu pumzi, mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima," alisema. Zilikuwa 54. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40 au zaidi, anapumua kwa kasi na huenda ana nimonia. Kwa aliye na miezi miwili hadi 11, kipimo ni 50. Huyu alikuwa pia akibonyea kifua kila anapovuta pumzi, na hakuweza kunyonya. Alipelekwa hospitalini mara moja, akalazwa, akapona.

Kosa lilikuwa wapi? Nimonia ya kawaida kwa mtoto wa umri huo hutibiwa kwa vidonge viwili vya miligramu 250, asubuhi na jioni, siku tano. Yaani vidonge 20. Yeye alipata unga wa kapsuli tatu. Dozi ndogo hivyo huua bakteria dhaifu na kuwaacha wale wanaoistahimili. Hao huzaana, na dawa ileile ikitumiwa tena hushindwa. Huo ndio usugu wa dawa.

Na kama kingekuwa kikohozi cha mafua tu? Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Mama angepoteza pesa, na mtoto angeweza kuharisha bure.

Mama mmoja, mwenye duka, alilalamika: "Zahanati iko mbali, na wateja wenyewe ndio wanaoziomba." Hoja yake ina uzito. Mhudumu alimjibu kwamba kuhesabu pumzi nyumbani hakulipishwi, basi mteja mwenye mtoto anayekohoa aelekezwe kwake kwanza. Anayeandikiwa dawa zahanatini anunue famasi yenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyobandikwa ukutani, na ahakikishe ni ya mwaka huu.

Kapsuli tatu za mezani alirudi nazo zahanatini zikateketezwe.