Je, Marejeo na Tanbihi Huhesabiwa Katika Idadi ya Maneno ya Insha?

Katika chumba cha mtihani swali hili halikusumbui sana. Ukiambiwa uandike insha yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300, kila neno unaloliandika kwenye aya zako linahesabiwa, likiwemo jina la mwandishi na jina la kitabu ulichokitaja. Hakuna anayekudai orodha ya vitabu mwishoni. Tatizo huanza unapoandika insha nje ya chumba hicho: insha ya mashindano, kama yale ya SADC au ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa shule za sekondari, kazi ya nyumbani ya kidato cha tano, au kazi ya kwanza chuoni. Hapo unatakiwa kuonyesha ulikopata hoja zako, na papo hapo unapewa kikomo cha maneno. Basi maneno ya kuonyesha chanzo ni sehemu ya kikomo hicho au siyo?

Kwanza tutofautishe vitu vitatu ambavyo watahiniwa wengi huviita vyote "marejeo".

Marejeo ya ndani ni yale mabano mafupi yanayokaa katikati ya sentensi, kwa mfano (Hussein, 1969, uk. 15). Tanbihi ni maelezo yanayowekwa chini ya ukurasa kwa namba ndogo. Orodha ya marejeo ni ile inayokaa mwisho wa insha, ikiwa na taarifa kamili za kila kitabu, mathalani: Hussein, E. (1969). Kinjeketile. Oxford University Press.

Hakuna kanuni moja ya dunia nzima kuhusu vitu hivi vitatu. Mifano miwili itakuonyesha jinsi wakubwa wanavyotofautiana. Mwongozo wa mtindo wa APA, toleo la saba, unasema kwamba unapotakiwa kutaja idadi ya maneno, hesabu kila neno tangu mwanzo hadi mwisho: maandishi, marejeo ya ndani, tanbihi, na hata orodha ya marejeo. Kwa upande mwingine kuna insha ndefu ya Diploma ya IB, inayoandikwa katika baadhi ya shule za kimataifa hapa Afrika Mashariki. Kikomo chake ni maneno 4000. Humo marejeo ya ndani hayahesabiwi, orodha ya marejeo haihesabiwi, na tanbihi inayotaja chanzo tu haihesabiwi. Lakini nukuu uliyoichukua kitabuni inahesabiwa, na tanbihi yenye maelezo inahesabiwa. Mtahini wa insha hiyo haendelei kusoma baada ya neno la 4000, hivyo hitimisho lililovuka mpaka huo ni kama halikuandikwa.

Tuone jambo hili kwa tarakimu. Tuseme umepewa kazi hii: "Jadili jinsi Ebrahim Hussein alivyoitumia historia ya Vita vya Majimaji katika tamthiliya ya Kinjeketile. Maneno yasizidi 1000." Umeandika, ukamaliza, na kompyuta inakuambia jumla ni maneno 1118. Je, umevuka?

Gawanya jumla hiyo. Kichwa cha insha na jina lako ni maneno 12. Aya zote, tangu utangulizi hadi hitimisho, ni maneno 949, na ndani yake kuna marejeo ya mabano 8, kila moja likiwa na maneno 4, yaani maneno 32. Tanbihi ni mbili, zenye jumla ya maneno 49. Orodha ya marejeo ina vitabu na makala 9, jumla maneno 108. Ukijumlisha 12, 949, 49 na 108 unapata 1118.

Kama mtoa kazi anahesabu kila kitu, kwa mfano wa APA, umezidisha maneno 118 na huna utetezi. Kama ameondoa kichwa na orodha ya marejeo tu, unabaki na 949 na 49, yaani 998. Umepona kwa maneno mawili. Na kama anafuata utaratibu unaofanana na wa IB, hesabu inataka uangalifu zaidi, kwa sababu lazima uzifungue zile tanbihi mbili na kuzisoma.

Tanbihi ya kwanza inasema: "Ebrahim Hussein, Kinjeketile, Oxford University Press, 1969, uk. 15." Hayo ni maneno 9 na kazi yake ni kutaja chanzo tu. Ya pili inasema: "Maji hayo yalitolewa na mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wapiganaji waliamini kwamba yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Imani hiyo iliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali ambao hapo awali hawakuwa na uongozi mmoja, na ndiyo sababu vita vilienea haraka kote kusini." Hayo ni maneno 40, na ukiyatazama vizuri utaona ni hoja. Yanajibu swali uliloulizwa. Kuyaweka chini ya ukurasa kwa herufi ndogo hakuyageuzi kuwa chanzo.

Kwa utaratibu huo basi, toa marejeo ya ndani 32 kwenye 949, unabaki na 917. Ongeza tanbihi ya maelezo, maneno 40. Jibu ni 957. Insha ile ile, bila kubadilisha hata nukta, ina maneno 1118, au 998, au 957, kutegemea nani anahesabu.

Ile tanbihi ya pili ndiyo inayowaponza wengi. Mwandishi akiona aya zake zimejaa, huanza kuhamishia hoja chini ya ukurasa akidhani amepata ghala la bure. Wasahihishaji wanaijua hila hiyo. Kipimo cha kujikagua ni rahisi: ifute tanbihi, kisha soma aya. Kama kilichopotea ni jina la kitabu na ukurasa tu, hiyo ilikuwa chanzo. Kama hoja yako imedhoofika, basi tanbihi hiyo ni sehemu ya insha na mahali pake ni ndani ya aya, ikihesabiwa kama wenzake.

Sasa, kama maelekezo hayasemi lolote? Muulize mwalimu au mwandalizi kabla hujaanza, siyo usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Kama huna wa kumuuliza, chukua njia ya tahadhari: hesabu aya zote pamoja na nukuu, marejeo ya ndani na tanbihi zote; acha nje orodha ya marejeo na kichwa. Orodha huachwa nje na wengi kwa sababu inayoeleweka. Kikomo kimewekwa kupima jinsi unavyojadili kwa nafasi uliyopewa, na orodha haijadili kitu. Tena, ikihesabiwa, aliyesoma vitabu 9 anaadhibiwa kuliko aliyesoma viwili. Katika mfano wetu njia hii inatoa 998. Kisha andika chini ya insha: "Idadi ya maneno: 998, bila kichwa na orodha ya marejeo." Msahihishaji ataona ulivyohesabu, na kama ana kanuni nyingine ataweza kukokotoa mwenyewe.

Angalia lakini kwamba tahadhari hugeuka upande pale kikomo kinapokuwa cha chini. Ukiambiwa "maneno yasiyopungua 1000", hatari siyo kuzidisha bali kupungukiwa. Hapo hesabu kwa namna inayokupa idadi ndogo kabisa. Insha yetu, ikihesabiwa bila marejeo, ina maneno 957 tu, hivyo haijafika. Anayetegemea orodha ya vitabu kujaza pengo la maneno 43 anacheza kamari.

Jihadhari pia na mashine. Kompyuta huhesabu neno kwa kuangalia nafasi iliyoachwa kati ya herufi. Ndiyo maana (Hussein, 1969, uk. 15) ni maneno 4, wakati (Hussein 1969:15) ni maneno 2, ingawa yote mawili yanasema kitu kimoja. Kwa marejeo 8, tofauti ni maneno 16. Usibadilishe mtindo kwa ajili ya kuokoa maneno 16 kama umeelekezwa mtindo maalumu, lakini kama umeachiwa uchague, ni vyema ulijue hilo mapema.

Kwenye Microsoft Word, fungua Review, kisha Word Count. Utaona kisanduku kilichoandikwa Include textboxes, footnotes and endnotes. Kikiwa na alama ya tiki, tanbihi zimo ndani ya jumla; kikiwa hakina, hazimo. Insha yetu ingeonyesha 1118 kwa hali ya kwanza na 1069 kwa hali ya pili. Google Docs, ambayo wengi mnaitumia kwenye simu, haihesabu tanbihi kabisa. Usishangae basi insha moja ikitoa idadi mbili kwenye vifaa viwili. Ukitaka kujua idadi ya maneno ya sehemu moja tu, chagua sehemu hiyo kwa kuitia kivuli, kisha fungua Word Count. Itakuhesabia ulichokichagua peke yake. Ndivyo zilivyopatikana zile 949 na 108.

Na ukiwa umevuka kweli, punguza nini? Usianze na marejeo. Kufuta mabano 8 kunakuokolea maneno 32 na kunakuacha na hoja 8 za watu wengine zilizosimama kana kwamba ni zako. Huo ni wizi wa kitaaluma, na adhabu yake ni kubwa kuliko ya kuzidisha maneno. Anza na nukuu ndefu. Nukuu ya mistari minne kutoka kwenye tamthiliya inaweza kubeba maneno 45. Ukiieleza kwa maneno yako kwa 15, huku ukibakiza mabano ya chanzo, umeokoa 30 kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo kagua utangulizi, maana mara nyingi sentensi zake mbili za kwanza zinarudia swali tu.

Zoezi

Kanuni za shindano zinasema: "Insha iwe na maneno kati ya 800 na 1000. Kichwa na orodha ya marejeo havihesabiwi." Kompyuta inaonyesha jumla ya maneno 1060, tanbihi zikiwemo. Kichwa kina maneno 10, orodha ya marejeo 75, na tanbihi, ambazo zote zinataja vyanzo tu, zina maneno 60. (a) Je, insha iko ndani ya kikomo? (b) Idadi itakuwa ngapi kama kanuni zingeondoa pia tanbihi za vyanzo?

Majibu: (a) Ndiyo. 1060 toa 10 toa 75 ni 975. Tanbihi zinabaki ndani kwa sababu kanuni hazikuzitaja. (b) 975 toa 60 ni 915.